Bei Mbili Ubaoni: Kazi ya Duka la Kubadilisha Fedha

1. Mzee na ubao

Namanga ni mji wa mpakani. Upande mmoja ni Tanzania, katika Wilaya ya Longido. Upande wa pili ni Kenya, katika Kajiado. Watu hupita hapo kila siku. Wengine wanakwenda kuuza ng'ombe, wengine kununua bidhaa, na wengine ni watalii wanaotoka Nairobi kwenda Arusha. Kila mmoja anakuja na fedha ya kwao. Kwa hiyo mji kama huu unahitaji duka la kubadilisha fedha.

Katika somo hili tutachukua duka moja la mfano. Mwenye duka ni mama mmoja aliyepewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania. Bei tutakazotumia ni za mfano pia, maana bei za fedha hubadilika kila siku. Tumechagua hesabu nyepesi ili kila mtu aweze kuzifuata kwa kalamu yake.

Siku moja mzee mfugaji alirudi kutoka Kenya. Alikuwa ameuza mitamba wawili akapata shilingi 90,000 za Kenya. Aliingia dukani, akatazama ubao ukutani. Ubao ulisomeka hivi:

Fedha – Tunanunua – Tunauza
Dola ya Marekani – 2,580 – 2,620
Shilingi ya Kenya – 19.80 – 20.20
Yuro – 2,950 – 3,070

Mzee alisoma polepole. Alipiga hesabu ya 90,000 mara 20.20, akapata shilingi 1,818,000 za Tanzania. Lakini dirishani alihesabiwa 1,782,000. Zilipungua 36,000. Mzee akakasirika.

"Mama, mbona unanipunja? Ubao wako unasema ishirini na senti ishirini."

"Shikamoo mzee," alijibu yule mama. "Sikupunji. Ile ni bei ninayouza mimi. Wewe leo hununui shilingi za Kenya, unaniuzia. Kwa hiyo mimi ndiye mnunuzi, na bei ya kununua ni kumi na tisa na senti themanini."

Mzee alikuwa amejifunza kusoma, na alisoma tarakimu zote sawasawa. Kosa lake lilikuwa moja tu. Aliusoma ubao kwa macho yake mwenyewe. Ubao wa duka la fedha husomwa kwa macho ya mwenye duka. "Tunanunua" maana yake ni kwamba duka linanunua fedha ya kigeni kutoka kwako. "Tunauza" maana yake ni kwamba duka linakuuzia wewe fedha ya kigeni.

2. Kwa nini bei ni mbili

Mzee aliuliza swali zuri. "Kama fedha ni ile ile, kwa nini bei ni mbili?"

Fikiria mama muuza mchele sokoni. Hununua gunia kwa mkulima kwa bei moja, huliuza kwa kilo kwa bei ya juu zaidi. Tofauti ile ndiyo humlisha. Mwenye duka la fedha naye ni mfanyabiashara. Bidhaa yake ni noti. Akinunua shilingi moja ya Kenya kwa 19.80 na kuiuza kwa 20.20, anapata tofauti ya senti 40.

Senti 40 ni kidogo sana. Lakini akinunua na kuuza shilingi 100,000 za Kenya, anapata shilingi 40,000 za Tanzania. Katika fedha hiyo hulipa kodi ya nyumba, mshahara wa mtu wa dirishani, mlinzi, na gharama za leseni. Noti bandia ikipita mikononi mwake bila kuonekana, hasara yake hulipwa na senti zile zile.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni. Tofauti ya bei si faida mpaka fedha iingie na kutoka. Mama akinunua shilingi za Kenya na kuziweka tu kwenye kasha la chuma, hajapata kitu bado. Amebadilisha noti zake kwa noti nyingine. Faida huja siku noti zile zinapotoka kwa bei ya juu kuliko bei ya kuingia. Kati ya siku ya kuingia na siku ya kutoka, lolote linaweza kutokea.

3. Bei ya katikati hutoka wapi

Asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, mama huyu hutafuta kwanza bei ya katikati. Hiyo ndiyo bei inayokaa kati ya kununua na kuuza. Haitungi kichwani.

Benki kubwa huuziana dola zenyewe kwa zenyewe. Bei yao hutokana na wingi wa dola zinazoingia nchini na wingi wa watu wanaozitaka. Watalii wakija, au mazao na dhahabu vikiuzwa nje, dola huingia. Waagizaji wa mafuta na mashine wakilipa madeni yao, dola hutoka. Benki Kuu hutangaza bei za fedha za kigeni kila siku ya kazi. Mama huanza kwa kusoma bei hizo. Tuseme leo bei ya katikati ya dola ni 2,600.

Kisha huuliza benki yake huko Arusha: "Leo mkinunua dola kwangu mtanipa ngapi? Na mkiniuzia, ni ngapi?" Tuseme benki inajibu: "Tunanunua kwako kwa 2,590. Tunakuuzia kwa 2,610."

Bei hizi mbili za benki ndizo ukuta wake. Hawezi kununua dola kwa mteja kwa zaidi ya 2,590, kwa sababu asipopata mteja wa kuzinunua, itambidi aipelekee benki kwa 2,590. Pia hawezi kuuza kwa chini ya 2,610, kwa sababu zikimwishia atazinunua benki kwa bei hiyo. Kwa hiyo anaandika 2,580 kwa kununua na 2,620 kwa kuuza.

Sasa tazama. Akinunua dola kwa mteja mmoja na kumwuzia mteja mwingine, anapata shilingi 40 kwa kila dola. Akizipeleka benki, anapata shilingi 10 tu, na nauli na ulinzi wa njiani ni juu yake. Kutoka Namanga hadi Arusha ni zaidi ya kilometa 100. Ndiyo maana kila mwenye duka hupenda fedha yake izunguke hapo hapo dirishani, na benki iwe njia ya mwisho.

Jambo la tatu analotazama ni jirani. Duka la pili likinunua dola kwa 2,585, wateja watakwenda huko. Naye atasogea kidogo, lakini hatavuka ukuta.

4. Bei za fedha tatu lazima zipatane

Shilingi ya Kenya haina bei inayosimama peke yake. Bei yake katika duka letu hutokana na dola. Tuseme dola moja huko Nairobi ni shilingi 130 za Kenya, na dola hiyo hiyo hapa ni shilingi 2,600 za Tanzania. Basi shilingi 130 za Kenya ni sawa na 2,600 za Tanzania. Gawanya 2,600 kwa 130, unapata 20. Hiyo ndiyo bei ya katikati ya shilingi ya Kenya.

Kwa nini mama asiandike bei yoyote anayoitaka? Tuone. Tuseme siku moja amechoka, akaandika kwamba ananunua shilingi ya Kenya kwa 20.50, na dola akaendelea kuiuza kwa 2,620. Mchuuzi mwerevu anaona ubao. Anamletea shilingi 130,000 za Kenya, anapewa 2,665,000 za Tanzania. Papo hapo anasema, "Nipe dola." Anapata dola 1,017 na chenji kidogo. Anavuka mpaka, anaziuza dola zile kwa shilingi 129 za Kenya kila moja. Anapata 131,193. Aliondoka na 130,000, amerudi na zaidi, wala hakuuza hata nyanya moja. Atarudi tena na tena, mpaka dola zote za mama ziishe na kasha lijae shilingi za Kenya zilizonunuliwa ghali.

Kwa bei sahihi ya 19.80, mchuuzi yule angepata 2,574,000, kisha dola 982, kisha shilingi 126,678 za Kenya. Angekuwa amepoteza. Kwa hiyo kila anapobadilisha bei ya fedha moja, mwenye duka hupitia ubao wote na kuhakikisha kwamba hakuna mzunguko unaoacha tundu.

5. Akiba ya kila fedha ina mpaka wake

Sasa tufungue kasha. Asubuhi hiyo mama ana shilingi 30,000,000 za Tanzania, dola 10,000, shilingi 500,000 za Kenya, na yuro 2,000.

Kwa kila fedha amejiwekea mipaka miwili. Mpaka wa chini ni kiasi ambacho akipungukiwa atawarudisha wateja mikono mitupu. Mteja akirudishwa mara mbili, mara ya tatu haji. Mpaka wa juu ni kiasi ambacho hataki kulala nacho. Kwa shilingi za Kenya, mpaka wake wa juu ni 700,000.

Aliupataje mpaka huo? Alijiuliza: "Bei ikishuka usiku kwa senti 50, nitapoteza kiasi gani?" Kwa shilingi 700,000 za Kenya, jibu ni shilingi 350,000 za Tanzania. Akaona kwamba hasara hiyo ni chungu, lakini duka litabaki limesimama. Zaidi ya hapo hakutaka.

Shilingi za Tanzania nazo ni akiba. Wanafunzi wengi wa kazi hii huzisahau. Bila shilingi za Tanzania, duka haliwezi kununua chochote. Kila fedha ya kigeni inayoingia, shilingi za Tanzania hutoka. Kasha linaweza kujaa utajiri wa noti za kigeni, na bado mwenye duka akashindwa kumlipa mzee wa ng'ombe wawili.

6. Siku ya mnada

Siku ya mnada wa mifugo upande wa Kenya, wafugaji hurudi wengi kwa pamoja. Wote wana shilingi za Kenya, wote wanataka za Tanzania. Tufuate siku moja.

Kufikia saa sita mchana, mama amenunua shilingi 600,000 za Kenya kwa 19.80. Amelipa shilingi 11,880,000 za Tanzania. Ameuza shilingi 100,000 tu za Kenya kwa 20.20, akapokea 2,020,000. Sasa ana shilingi 1,000,000 za Kenya. Shilingi za Tanzania zimeshuka kutoka 30,000,000 hadi 20,140,000. Upande mmoja umefura, upande wa pili unakauka.

Je, afunge dirisha? La. Ana chombo kimoja mkononi, nacho ni bei. Anapanda kwenye kigoda, anafuta ubao, anaandika upya: shilingi ya Kenya, tunanunua 19.65, tunauza 20.05. Ameshusha bei zote mbili kwa senti 15.

Angalia anachofanya. Tofauti ni ile ile, senti 40. Lakini sasa mfugaji mwenye shilingi za Kenya anaona bei ya kununua ni ndogo, anakwenda duka la jirani. Na wafanyabiashara wanaokwenda Kenya kununua bidhaa wanaona hapa shilingi ya Kenya ni rahisi, wanakuja. Mlango wa kuingilia umesinyaa, mlango wa kutokea umepanuka. Kama angekuwa na upungufu wa shilingi za Kenya, angefanya kinyume chake. Angepandisha bei zote mbili ili ziingie nyingi na zitoke chache.

Mchana ule alinunua shilingi 100,000 tu kwa 19.65, akauza 400,000 kwa 20.05. Jioni alibaki na shilingi 700,000 za Kenya, sawa na mpaka wake, na shilingi 26,195,000 za Tanzania.

Dawa hiyo haikuwa ya bure. Zile 400,000 angeziuza kwa 20.20, angepata senti 15 zaidi kwa kila moja, yaani shilingi 60,000. Lakini kwa bei hiyo asingepata wanunuzi wa kutosha. Amekubali faida ndogo ili asilale na mzigo mkubwa. Tukihesabu kwamba alizinunua kwa 19.80, faida ya siku ni shilingi 140,000: 40,000 za asubuhi na 100,000 za mchana.

7. Bei inapogeuka

Asubuhi iliyofuata taarifa ni mbaya. Huko Nairobi dola imepanda, na shilingi ya Kenya imeshuka. Bei ya katikati iliyokuwa 20 sasa ni 19.50.

Mama ana shilingi 700,000 za Kenya. Thamani yake imepungua kwa shilingi 350,000 za Tanzania. Faida yote ya jana, 140,000, imemezwa, na juu yake amepoteza 210,000. Hakuibiwa, wala hakukosea kuhesabu. Ni bei tu iliyogeuka.

Lakini tuseme jana asingeshusha bei. Wafugaji wangeendelea kumiminika, na tuseme angefunga duka akiwa na 1,200,000. Leo angekuwa amepoteza 600,000. Hapo ndipo tunaona kazi ya mpaka. Mpaka hauzuii hasara. Unaifanya hasara iwe ile ambayo mtu anaweza kuibeba.

Asubuhi ya namna hii kuna kosa kubwa linalowavunja wengi. Mtu husema, "Nilinunua kwa 19.80, siwezi kuuza kwa 19.70. Nitasubiri ipande." Basi hubaki na bei ya juu ubaoni, na hakuna mteja anayenunua. Fedha hukaa kasha zima limejaa, bei huzidi kushuka. Mama wetu hafanyi hivyo. Anaandika bei mpya: tunanunua 19.30, tunauza 19.70. Bei ya ubaoni hufuata soko la leo, haifuati bei aliyonunulia jana.

Mageuko makubwa kuliko hayo yamewahi kutokea kweli. Mwezi Januari 2024, dola moja nchini Kenya ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Watu wengi waliamini itazidi kupanda, wakaficha dola zao. Mwezi Februari serikali ya Kenya ilipata mkopo mpya wa dola, ikautumia kulipa sehemu kubwa ya deni la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa mwezi Juni. Hofu ikapungua. Waliokuwa wameficha dola wakakimbilia kuziuza, na wingi huo ukazidi kuishusha bei. Mwishoni mwa Machi 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 132.

Fikiria mwenye duka wa Kenya aliyenunua dola 10,000 kwa 160 akazificha. Alitoa shilingi 1,600,000 za Kenya. Baada ya miezi miwili dola zile zilikuwa na thamani ya 1,320,000. Alipoteza 280,000. Lakini mwenye duka wa Tanzania aliyekuwa na shilingi za Kenya wakati huo huo alipata. Shilingi ya Kenya ilipanda kutoka karibu 16 za Tanzania hadi karibu 19. Tukio moja lilimwumiza huyu na kumnufaisha yule. Wote wawili hawakuwa wamejua. Ndiyo maana mwenye duka mwangalifu hataki kutegemea bahati. Hula tofauti ya bei, na akiba ya kila fedha huiweka kwa kipimo.

8. Fedha nzito na noti zisizotakiwa

Rudi kwenye ubao. Tofauti ya dola ni shilingi 40 katika 2,600. Tofauti ya yuro ni shilingi 120 katika 3,010. Kwa nini yuro imeachwa pengo kubwa hivyo?

Sababu ni mwendo. Dola huingia asubuhi na kutoka jioni. Yuro huletwa na mtalii mmoja mmoja, na wanaoitaka hapa mpakani ni wachache. Inaweza kukaa kasha kwa majuma matatu. Siku zote hizo fedha ya mama imelala, na bei inaweza kugeuka. Fedha inayokaa sana huachiwa pengo pana, na huwekwa kidogo. Yuro zikifika 3,000, mama huzipeleka benki Arusha, hata kwa faida ndogo.

Hata dola hazilingani. Mtu akileta noti ya dola 100 au 50, hununuliwa kwa 2,580. Akileta noti za dola 1, 5, 10 au 20, duka nyingi hutoa bei ya chini zaidi. Mteja huona kama ameonewa. Ukweli ni kwamba dola 1,000 katika noti za 100 ni noti 10 tu. Katika noti za dola 5 ni noti 200 za kuhesabu, kukagua na kusafirisha, na wanaozitaka ni wachache. Noti iliyochanika, iliyoandikwa kwa kalamu, au ya zamani sana huweza kukataliwa kabisa. Serikali ya Marekani haijazifuta noti zake za zamani. Lakini mwenye duka hujiuliza swali moja tu: "Nani ataichukua kutoka kwangu?" Kama hakuna, haichukui. Kwa sababu hiyo hiyo maduka hayanunui sarafu za kigeni.

9. Daftari la jioni

Dirisha likifungwa, kuna hesabu moja ambayo hairukwi. Kwa kila fedha, mama huandika: tuliyoanza nayo, jumlisha tuliyonunua, toa tuliyouza. Kwa shilingi za Kenya siku ile ya mnada: 500,000, jumlisha 700,000, toa 500,000. Jibu ni 700,000. Kisha huhesabu noti zenyewe. Kama noti ni 700,000, analala.

Kama ni 690,000, hatafuti majibu katika fedha nyingine. Kila fedha hujibu peke yake. Hupitia stakabadhi moja moja za siku hiyo. Mara nyingi kosa ni mteja aliyepewa zaidi, au stakabadhi iliyoandikwa bei ya asubuhi wakati ubao ulikwisha badilika. Ndiyo maana ubao unapobadilishwa, saa ya kubadilisha huandikwa daftarini.

10. Mwenye leseni na mtu wa njiani

Zamani mambo hayakuwa hivi. Fedha za kigeni Tanzania zilishikwa na serikali, na raia hakuruhusiwa kukaa nazo bila kibali. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua njia kwa maduka haya. Baadaye Benki Kuu iliona kwamba baadhi ya maduka yalivunja sheria. Mwishoni mwa 2018 huko Arusha, na mwanzoni mwa 2019 Dar es Salaam, maduka mengi yalikaguliwa na mengi yakafungwa. Masharti yakakazwa.

Kwa mteja, alama za duka la halali zinaonekana kwa macho. Leseni imetundikwa. Bei zimeandikwa wazi. Unaulizwa kitambulisho. Unapewa stakabadhi yenye kiasi, bei na tarehe. Fedha huhesabiwa mbele yako.

Mtu wa njiani hana hayo. Anakuja kando yako karibu na kituo cha basi, anasema kwa sauti ya chini, "Baba, mimi nakununulia kwa ishirini na senti hamsini."

Sasa wewe umesoma somo hili, jiulize. Maduka yanauza shilingi ya Kenya kwa 20.20. Mtu anayetaka shilingi za Kenya atazipata hapo kwa bei hiyo. Huyu wa njiani akinunua kwako kwa 20.50, atamwuzia nani kwa zaidi? Hakuna. Basi faida yake haiko katika bei. Iko mahali pengine: noti zilizokunjwa ili zihesabiwe mara mbili, karatasi katikati ya bunda, au noti bandia. Bei iliyo nzuri kupita ukuta wa benki ni onyo.

Yule mzee alirudi dukani mwezi uliofuata na shilingi 60,000 za Kenya. Safari hii aliuliza kwanza, "Mama, leo unanunua kwa ngapi?" Kisha akasema, "Nibadilishie 40,000. Zile 20,000 nitabaki nazo, maana juma lijalo narudi Kenya kununua dawa za mifugo." Alikuwa amepiga hesabu. Kama angebadilisha zote, kisha azinunue tena 20,000 kwa bei ya kuuza, zile senti 40 zingemtoka: shilingi 8,000 za Tanzania.

Maswali

1. Ubaoni pameandikwa: shilingi ya Kenya, tunanunua 19.80, tunauza 20.20. Una shilingi 10,000 za Kenya. Utapewa shilingi ngapi za Tanzania?
2. Duka lina dola nyingi mno na shilingi chache za Tanzania. Mwenye duka apandishe bei zake za dola au azishushe? Eleza kwa nini.
3. Kwa nini tofauti ya bei ya yuro ni kubwa kuliko ya dola katika duka hili?
4. Duka lilianza siku na dola 10,000. Likanunua 3,500, likauza 4,200. Jioni kasha lina dola 9,200. Je, hesabu iko sawa? Kama haiko sawa, tofauti ni kiasi gani, na atafute wapi?
5. Jadilianeni darasani: mtu anayekupa bei nzuri kuliko maduka yote, faida yake anaipata wapi?